Baada ya usaili wa mafunzo kazini: uandike barua pepe, utume WhatsApp au urudi mwenyewe?

Mwanafunzi anayetafuta nafasi ya mafunzo kazini ana shida ambayo mtu aliyekwisha kuajiriwa hana. Akitoka kwenye usaili, hakuna bosi wa zamani wa kupigiwa simu aulizwe habari zake. Kinachobaki mezani ni sivii ya ukurasa mmoja, nayo inafanana na za wenzake wa darasa: chuo kilekile, masomo yaleyale, "ninajituma" ileile. Mimi ni msimamizi wa matengenezo katika kiwanda kimoja Jinja. Kila mwaka, Juni inapokaribia, simu yangu hujaa jumbe za wanafunzi tuliowasaili. Nyingi hazina kosa. Tatizo ni kwamba hazina kitu pia: "Asante kwa nafasi, nasubiri jibu lenu." Hiyo nikishaisoma sijui lolote nisilolijua jana.

Kwa hiyo swali la njia ipi utumie haliwezi kutenganishwa na swali la utume nini. Nitavilinganisha vyote viwili kwa kesi ya mpwa wangu, mwanafunzi wa stashahada ya umeme jijini Kampala, ambaye wiki moja ya Mei alisailiwa mahali pawili pasipofanana hata kidogo. Pa kwanza ni kiwanda huko Namanve: meza, ofisa utumishi, fundi mkuu, fomu ya kujaza. Pa pili ni karakana ya Katwe ambako mota zilizoungua hufungwa nyaya upya, na usaili ulifanyika kwenye benchi huku mzee mwenye karakana akiendelea kukata kamba.

Kwanza njia zenyewe, kwa ufupi:

| Njia | Inapofaa | Udhaifu wake |
|---|---|---|
| Barua pepe | Kampuni yenye ofisi ya utumishi. Walikuita kwa barua pepe | Inaweza kukaa siku nyingi bila kufunguliwa |
| WhatsApp au ujumbe mfupi | Msaili alikupa namba yake mwenyewe au alikuita kwayo | Unasomwa mtu akiwa safarini, kisha unasahaulika |
| Simu | Siku waliyoahidi imepita na una tarehe inayokubana | Haiachi maandishi. Unaweza kumkuta mtu vibaya |
| Kurudi mwenyewe | Karakana, gereji, duka la fundi | Kiwandani utaishia kwa askari getini |

Kanuni ninayoifuata mimi ni kurudi kwa njia waliyokuitia. Aliyekuandikia barua pepe ana faili lako kwenye kompyuta, na jibu lako likifika hapohapo linaungana na maombi yako bila yeye kutafuta. Ukimfuata WhatsApp kwa namba uliyoichota kwa mtu mwingine, swali la kwanza kichwani mwake ni namba umeipata wapi. Kinyume chake, mzee wa karakana anayeweka hesabu zake kwenye daftari la kurasa zilizolowa vanishi hatafungua barua pepe hata uiandike vizuri namna gani.

Kuna njia ya tano ambayo sikuiweka kwenye jedwali, yaani kumtumia mtu. Mhadhiri anayeratibu mafunzo akipiga simu kwa niaba ya chuo, hiyo ni kazi yake na haina aibu. Shemeji anayefanya kazi ghala la kiwanda hichohicho ni jambo lingine. Binafsi, shemeji akija ofisini kwangu kuniulizia mtu, namhurumia yule mtu, maana sasa hata nikimchukua kwa uwezo wake wenzake watasema kabebwa.

Barua mbili kwa kiwanda kimoja

Usaili wa Namanve ulikuwa Jumanne tarehe 19 Mei. Jioni ile mpwa wangu aliniletea rasimu. Kwa ofisi kama hiyo barua yenyewe huandikwa kwa Kiingereza. Hapa naziweka kwa Kiswahili ili tuuone muundo wake.

Rasimu ya kwanza ilisema hivi:

> Ndugu Mkuu wa Utumishi,
> Nashukuru sana kwa kunipa nafasi ya kufika mbele yenu. Nilifurahishwa mno na kampuni yenu. Mimi ni mtu mwenye bidii, ninajifunza haraka na ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Nitashukuru mkinifikiria. Natarajia kusikia kutoka kwenu.

Nilimuuliza: ukifuta jina lako chini, mwenzako wa darasa hawezi kuituma hiihii? Akacheka. Kisha nikamuuliza ni wapi kwenye usaili alikwama. Hakusita hata kidogo, maana jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni mchana kutwa. Fundi mkuu alikuwa amemchorea stata ya nyota na delta, ile inayotumika kuanzisha mota kubwa taratibu, akamuuliza ni kitu gani kinachozuia kontakta ya nyota na ile ya delta, yaani swichi mbili zinazovutwa na koili ya umeme, zisifunge kwa wakati mmoja. Yeye akajibu: taima.

Jibu hilo ni la wanafunzi wengi na si sahihi. Taima hupanga tu muda wa kutoka nyota kwenda delta. Kontakta ya nyota huunganisha pamoja ncha tatu za mwisho za koili za mota. Kontakta ya delta huzipeleka ncha hizohizo kwenye fezi tatu. Zikifunga zote mbili, fezi zinagusana na fyuzi zinaruka kwa kishindo. Kinachozuia hilo ni kontakti saidizi: kila kontakta ina kontakti ndogo iliyo fungwa wakati wa kawaida, na umeme wa koili ya mwenzake hupitia hapo. Mmoja akivuta, anamkatia mwenzake njia.

"Basi liandike hilo," nikamwambia.

"Mjomba, si nitakuwa nawakumbusha nilipofeli?"

Wasiwasi wake una maana, na hapa ndipo njia mbili zinapopambana: kunyamaza juu ya swali ulilokosa, au kulirudia. Ukinyamaza, huenda wakalisahau. Lakini fundi mkuu aliyechora mchoro kwa mkono wake hasahau, naye ndiye atakayesema "huyu ndiyo, huyu hapana" kwa sababu ndiye atakayekaa na mwanafunzi wiki nane. Mtu mwenye miaka kumi kazini akirudia swali alilokosa ataonekana hakujiandaa. Mwanafunzi akilirudia anaonyesha kitu ambacho sivii yake haiwezi kuonyesha, kwamba akielekezwa anakwenda kutafuta. Nafasi anayoomba ni ya kujifunza, kwa hiyo hiyo ndiyo sifa inayopimwa.

Ina mipaka yake, lakini. Rudia swali moja tu, lile la kazi, kwa sentensi tatu au nne. Ukikosa maswali manne ukayajibu yote kwa barua, umeandika mtihani wa marudio. Na usilirudie swali la "udhaifu wako ni upi", halina faida. Zaidi ya yote, usiandike usichokielewa. Mpwa wangu alirudi kwanza karakana ya chuo Jumatano asubuhi, akafunga saketi, akaijaribu, ndipo akaandika.

Barua iliyotumwa Jumatano mchana ilikuwa hii:

> Kichwa: Usaili wa mafunzo kazini, 19 Mei – (jina lake), Stashahada ya Umeme
>
> Ndugu (jina la ofisa),
> Nashukuru wewe na Injinia (jina) kwa muda wenu jana. Nimeelewa kwamba mwanafunzi atakuwa kwenye zamu ya mchana ya matengenezo na kwamba atakuja na ovaroli na viatu vyake vya usalama. Hilo naliweza.
>
> Naomba umfikishie Injinia jambo moja. Aliniuliza kinachozuia kontakta za nyota na delta zisifunge pamoja, nikajibu taima. Halikuwa jibu sahihi. Taima hubadilisha tu. Kinachozuia ni kontakti saidizi ya kila moja iliyo kwenye njia ya umeme wa koili ya mwenzake. Leo asubuhi nimeifunga na kuijaribu chuoni. Picha imeambatishwa, paneli tuliijenga watatu mwaka huu, na sehemu yangu ni saketi ya udhibiti upande wa kulia.
>
> Naambatisha pia barua ya utambulisho ya chuo, ambayo jana ilikuwa haijasainiwa. Mafunzo yanaanza Jumatatu 15 Juni kwa wiki nane. Idara inataka fomu ya kukubaliwa ifike si zaidi ya Jumatatu 8 Juni.
>
> (Jina, namba ya usajili, namba ya simu)

Angalia kinachofanywa na kila kipande. Aya ya kwanza inathibitisha kwamba alisikia masharti na anayakubali. Ofisa utumishi hana haja ya kumpigia kumuuliza kama ana viatu. Aya ya pili ni ya fundi mkuu, si ya ofisa, na imeandikwa iweze kusambazwa kama ilivyo. Aya ya tatu inaziba pengo la karatasi. Wengi hawajui jinsi pengo hilo linavyoua maombi: jina la mwanafunzi liko kwenye orodha, lakini barua ya chuo haipo, na anayetafuta majina ya kupeleka kwa meneja anachukua yale yaliyokamilika. Ile tarehe ya 8 Juni nayo ina kazi yake. Itampa sababu ya halali ya kuuliza baadaye bila kuonekana anasumbua.

Sasa ile sentensi ya "tuliijenga watatu". Alitaka kuiondoa, nikakataa. Fundi yeyote akiona paneli iliyofungwa vizuri atauliza nani alikaza waya gani, na mwanafunzi asiye na historia ya kazi ana mali moja tu ya kulinda, nayo ni kwamba alichokisema ni kweli. Kuhusu picha zenyewe: tumia za karakana ya chuo. Usipige picha ndani ya kiwanda siku ya usaili eti uonyeshe umevutiwa. Viwanda vingi havitaki kabisa, na utakuwa umejitoa mwenyewe. Picha moja inatosha, ipunguzwe uzito, kwa kuwa mpokeaji huenda akaifungua kwa bando lake. Barua ya chuo iwe PDF yenye jina lako kwenye jina la faili, isiwe `scan001.pdf` iliyo sawa na za watu wengine ishirini.

Katwe: hapa barua haina kazi

Kwa mzee wa karakana mambo yanageuka karibu yote. Huu si mpango wa chuo wenye wiki maalumu, bali ni uanagenzi wa kimyakimya, unaoweza kuwa wa miezi miwili au miaka miwili. Mzee alimwambia, "Nitakuambia," na namba akaiandika ukutani kwa chaki. Ukisubiri simu kutoka ukutani utasubiri sana.

Jumatano hiyohiyo mpwa wangu alimtumia ujumbe mfupi, si wa WhatsApp, kwa kuwa simu ya mzee ni ya vitufe: "Shikamoo mzee. Ni yule binti wa umeme aliyekuja jana jioni. Asante kwa kunionyesha kipimo cha waya. Nitapita Ijumaa saa mbili asubuhi kusikia neno lako, kama siku hiyo si nzuri naomba unijulishe." Ujumbe huo hauombi jibu. Unatoa taarifa ya kuja, na mzee asipojibu haidhuru. Kubipu usijaribu, kwa rafiki ni mzaha, kwa mtu unayemwomba kazi ni kumtwika gharama ya kukutafuta.

Saa mbili ni kabla wateja hawajafika na mota zao begani. Ukienda saa sita utamkuta katikati ya kazi, na jibu la mtu mwenye mkono kwenye vanishi ni "rudi kesho". Alikwenda na ovaroli kwenye mfuko, akawasalimia vijana wote wa karakana na siyo mzee peke yake, kwa maana wao ndio watakaoulizwa "yule mtoto mnamwonaje?"

Mzee akasema, "Vaa, anza."

Hapa ndipo kuna mtego ambao kiwandani haupo. Namanve nilimkataza kabisa kutaja nauli na chakula kwenye barua ya kwanza. Nafasi nyingi za mafunzo hazina malipo, na kampuni yenye posho ya mchana huieleza yenyewe inapotoa barua ya kukubali. Kuuliza kabla ya kukubaliwa kunakuweka nyuma ya asiyeuliza. Karakana ni kinyume. Hakuna barua itakayokuja, kwa hiyo ukishavaa ovaroli umekwisha kukubali masharti usiyoyajua. Kuna mafundi wanaotaka mwanagenzi alipie kufundishwa, wengine wanampa chakula, wengine wanampa kitu mota ikilipiwa. Basi aulize papo hapo, kwa heshima, kabla ya kufungua bolti ya kwanza: nitakuja siku zipi, kuna ada, na je, mzee atanisainia kitabu cha kumbukumbu cha chuo? Hilo la mwisho ndilo linaloamua. Asiposaini, wiki zote nane chuo hakizihesabu, hata kama ufundi umeupata. Kwa asiye na chuo hilo si kikwazo kikubwa, kwani nchini kuna mitihani ya ufundi inayowapa vyeti hata waliojifunza mikononi mwa fundi.

Mzee alikubali kusaini, hakutaka ada, akataka jibu la "ndiyo" siku hiyohiyo.

Kukumbusha: lini, na mara ngapi

Namanve walikuwa wamesema watajibu ndani ya wiki mbili. Wiki mbili kutoka tarehe 19 Mei zinaangukia tarehe 2 Juni, na anayeijua barabara ya Jinja, inayopita Namanve, wiki hiyo anajua maana yake. Tarehe 3 Juni ni Siku ya Mashahidi, mahujaji wamejaa kuelekea Namugongo, na kuanzia Kireka hadi Bweyogerere magari hayatembei. Ofisi za upande ule huanza kupwaya tangu tarehe 2. Kisha tarehe 9 ni Siku ya Mashujaa. Mwanafunzi anayehesabu siku kwa kalenda ya ukutani ataandika tarehe 2 jioni, barua yake ifunikwe na zote zitakazoingia kwenye mapumziko, halafu adhani wamemkataa.

Kati ya kukumbusha mapema na kusubiri siku ya kazi iliyotulia, nachagua ya pili. Mpwa wangu aliandika Alhamisi tarehe 4 Juni saa tatu asubuhi, akijibu juu ya barua yake ileile ya mwanzo ili kila kitu kiwe pamoja: "Naulizia usaili wa 19 Mei. Idara inafunga kupokea fomu Jumatatu 8 Juni. Je, uamuzi umefikiwa, au kuna karatasi niliyobakiza?" Mistari mitatu. Lile swali la karatasi ni zuri kuliko "mmefikia wapi?", kwa kuwa linampa ofisa kitu cha kujibu hata kama uamuzi bado.

Asipojibiwa, Ijumaa saa nne asubuhi angepiga namba ya ofisi, mara moja. Baada ya hapo basi. Ukumbusho wa tatu sijauona ukimsaidia mtu; nimeona ukimgharimu. Tiki za bluu za WhatsApp nazo usizitafsiri, zinaonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa, hazionyeshi kwamba uamuzi umefanywa. Ila picha yako na stetasi yako zinaonekana kila unapoandika, kwa hiyo malalamiko kuhusu "makampuni ya siku hizi" yakae nje ya hapo. Na ikitokea namba ngeni ikupigie kusema umepata nafasi, utume kwanza pesa za usajili kwa simu, kata, kisha upige namba ya ofisi uliyoitiwa usaili.

Ofisa alijibu Alhamisi mchana. Uamuzi bado, alisema, lakini fundi mkuu ameuliza: kontakta ya nyota ikigandana kontakti zake, delta itafanyaje? Mpwa wangu alijibu baada ya kufikiri kidogo: ikiganda, kiini chake hakirudi, kontakti saidizi inabaki wazi, delta haipati umeme na mota haiendelei. Akaongeza kwamba kontakta nyingine huwekewa pia kizuizi cha kimakanika katikati yake. Ijumaa jioni fomu ilirudi imepigwa muhuri.

Mwenye haraka akijibu kwanza

Nimeruka kipande kimoja kwa makusudi. Ile Ijumaa ya Mei mzee alipotaka "ndiyo" ya papo hapo, Namanve walikuwa bado wiki nzima na zaidi. Angekubali Katwe na kunyamaza? Angekataa na kubaki na ahadi? Wapo wanaokubali kote kisha wanapotea upande mmoja, na mafundi wa Kampala wanajuana kuliko unavyofikiri.

Alimwambia mzee ukweli: "Mzee, nimesailiwa kiwandani, watajibu mwanzoni mwa Juni. Naomba nije sasa mpaka siku hiyo. Wakinikubali nitakuja kukuambia mwenyewe, wasiponikubali nabaki kwako." Mzee alinung'unika, akampa ufagio. Zile siku alizokaa hapo alijifunza kupima kipenyo cha waya kwa maikromita na kuhesabu mizunguko ya koili iliyoungua kabla ya kuikata, jambo ambalo chuo kilikuwa kimelipitia ubaoni tu.

Jumamosi tarehe 6 Juni, saa mbili asubuhi, alikwenda kumwambia ana kwa ana. Ujumbe wa maandishi ungetosha kwa Namanve kama ingekuwa wao wanaoachwa: barua pepe ya mistari miwili, siku hiyohiyo, ili nafasi apewe mwingine kabla idara hazijafunga. Kwa mtu aliyekupa benchi lake bila karatasi, mistari miwili haitoshi. Alikwenda pia na jina la mwanafunzi mwenzake aliyekuwa bado hana mahali, na mzee akauliza kama huyo naye anajua kufagia.